Gramu Mia na Themanini

Mtaa mzima ulimwita Kijiko, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa aliuza mtindi kwenye dirisha la chumba chake cha mbele, na kila mteja mgeni alipofika, kabla hata hajauliza bei, Kijiko alichota kijiko kimoja, akakipindua juu chini mbele ya pua ya mtu, kisha akatulia. Mtindi ulibaki umeng'ang'ania pale pale. "Umeanguka?" angeuliza. "Haujaanguka." "Basi lete chombo, usinipotezee muda." Mkewe naye akajikuta anaitwa Bi Kijiko, jina ambalo alilichukia miaka miwili ya mwanzo, halafu akalizoea kama mtu anavyozoea mkoromo wa mwenzake.

Mtindi wao ulikuwa wa maziwa ya unga, na hawakuficha. Waliocheka walikuwepo, wale wanaojua kila kitu isipokuwa kazi. Kijiko aliwajibu kwamba maziwa mabichi mpaka yafike mtaani yameshapita mikononi mwa watu wanne, na kila mmoja kayaongeza maji kidogo kwa roho safi kabisa. "Unga haunidanganyi," alisema. "Maji naweka mwenyewe, kwa hiyo yakizidi najua wa kumgombeza."

Na kweli alijua. Maji lita moja kwa unga gramu mia na ishirini na tano, hayo kwake yalikuwa maziwa ya kunywa, na mtindi wake hutoka mlegevu, umejitenga, umeogelea kwenye maji yake ya njano. Mtindi wa kuuza ulitaka gramu mia na hamsini kwa lita. Ukipanda mpaka mia na themanini unapata mtindi unaosimama wenyewe. Ukizidi sana hapo unaanza kuwa na chengachenga na ladha ya chumvichumvi, na ulimi unabaki mzito kama umelamba chokaa. Haya yote Kijiko aliyasema kwa namna ya mtu anayesoma hukumu.

Mizani hakuwa nayo. Alikuwa na kikombe cha bati, kipana, kilichobonyea ubavuni. Zamani alikwenda nacho dukani, akakijaza unga, akakigonga mara mbili mezani, akakisawazisha kwa bapa la kisu, na mwenye duka akampimia: gramu mia na hamsini kamili. Tangu siku hiyo hakupima tena. Kikombe kimoja, lita moja, basi.

Asubuhi aliyoanguka alikuwa anaosha vyombo vya mtindi. Mkewe alisikia kishindo cha sufuria, akadhani ni paka. Alipotoka alimkuta chini, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Hospitali walikaa wiki tatu. Mguu ulirudi kidogo, mkono haukurudi, na maneno yaliondoka yote. Yule mtu aliyeweza kubishana na mteja mpaka mteja akasahau alichofuata, akabaki na "mm" tu, na macho.

Muuguzi wa wodini, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alimweka Bi Kijiko kitako siku moja kabla ya kuruhusiwa.

"Mama, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kuna kufa na kupona. Koo la mzee limechelewa. Kitu chepesi kinateremka kabla koo halijajifunga, kinaingia kwenye mapafu. Kwa hiyo maji hapana, chai hapana, maziwa hapana, mchuzi hapana. Mpe kitu kizito kinachokwenda taratibu. Akae wima, kidevu akiinamishe, kijiko kidogo, asubiriwe ameze. Akikohoa, au sauti yake ikawa ya majimaji, acha hapo hapo."

"Kizito kiasi gani?"

"Unaujua mtindi mzito kabisa? Ule ambao ukiinamisha kijiko unakaa, halafu unadondoka bonge moja?"

Bi Kijiko alicheka, kicheko cha kwanza tangu siku ya kishindo, kisha kikageuka kilio na muuguzi akamwacha alie. Kama kuna mtu duniani aliyejua mtindi huo, ni yeye na mgonjwa wake.

Basi nyumbani wakaanza. Viazi vya kupondwa Kijiko alivikataa, akafunga midomo kama mlango wa benki. Uji mzito aliutema. Mtindi tu ndio aliukubali, mtindi na dawa zilizosagwa ndani yake. Mkewe akapandisha kipimo: kikombe kimoja cha bati, na juu yake vijiko vinne vya mezani vilivyosawazishwa, kwa lita moja ya maji. Mia na themanini. Alikoroga unga kwanza kwa maji kidogo ya uvuguvugu mpaka mabonge yote yaishe, akaongeza maji yaliyobaki, akapasha mpaka povu likaanza kuzunguka ukingoni na mvuke ukasimama, akayaacha kwenye moto mdogo robo saa huku akikoroga yasishike chini. Kisha alisubiri yapoe mpaka aweze kutumbukiza kidole kidogo na kuhesabu kumi bila kukitoa. Hapo ndipo alipotia vijiko viwili vya mtindi wa jana uliowekwa kando kwa ajili ya mbegu, akafunika, akaviringisha sufuria kwenye blanketi. Saa sita au saba, bila mtu kuigusa.

Kijiko aliangalia kila hatua kutoka kwenye kiti chake. Mkewe alipokuwa na haraka na kidole chake kikaishia saba, mkono wa kushoto uligonga mkono wa kiti: to, to, to. Mpaka atimize kumi. "Haya, bwana mkubwa," mke alisema, "hata kuumwa hujui." Na yeye alitoa ile "mm" yake, ambayo siku nyingine ilikaribia kabisa kuwa kicheko. Mashavu yalianza kujaa. Wiki ya tano alisimama mwenyewe, ameshika meza, muda wa kuhesabu ishirini. Bi Kijiko alianza kuamini. Simlaumu. Mtu ukiona mashavu yanarudi utaacha kuamini?

Mama yake Kijiko alikuwa amekuja kukaa nao. Alikuwa bibi mfupi, mwepesi, asiyeketi, na hofu yake yote aliitoa kwa njia ya kufagia. Jambo moja tu lilimshinda kulimeza.

"Mkwe wangu, mtu mzima anaishije bila chai? Angalia midomo ilivyomkauka."

"Namlowanisha kwa kitambaa, mama. Kila tukienda hospitali wanamwekea maji kwa sindano, na mtindi una maji ndani."

"Mtindi, mtindi. Huyu nilimnywesha mimi kabla hajajua jina lake."

"Najua, mama."

"Mm," alisema Kijiko kutoka kwenye kiti, na kati ya wale wawili hakuna aliyejua amemuunga mkono nani.

Wiki ya saba unga uliisha. Bi Kijiko alikwenda dukani, na mwenye duka, mtu waliyejuana naye tangu siku ile ya kupima kikombe, alitikisa kichwa.

"Ule wenu haujaja, shemeji. Lakini chukua huu. Maziwa halisi, yana mafuta yake yote, na unayeyuka wenyewe. Wala huhitaji kusumbuka kukoroga."

Alisoma kopo. Maziwa halisi ya unga, kweli. Akachukua. Asubuhi ya kesho yake aliufungua akapendezwa nao: unga wa punje kubwa kubwa, uliozama kwenye maji bila bonge hata moja. Alijaza kikombe, akakigonga mara mbili, akasawazisha kwa kisu. Vijiko vinne juu. Lita moja. Alihesabu kidole mpaka kumi. Kijiko alikuwa amesinzia. Hakugonga chochote, na hata angekuwa macho, ni nini cha kugonga? Kila kitu kilikuwa kama jana.

Alasiri alifungua blanketi. Mtindi ulikuwa umeganda, lakini alipotia kijiko ulitetemeka. Alipokiinamisha, uliteleza ukaacha njia nyuma yake, ukaanguka kama uji wa mtoto.

Bi Kijiko alisimama hapo jikoni na kijiko mkononi. Uchovu wa wiki saba ulimshuka wote kwa pamoja. Mbegu ilikuwa nzuri. Joto lilikuwa sawa. Kipimo kilikuwa kile kile. Mtindi ukiwa bado vuguvugu huwa mlegevu kidogo, alijiambia, ukipoa utakaza. Hilo ni kweli, na ukweli mdogo wa namna hiyo ndio hatari kuliko uongo. Angeweza kuusubiri upoe. Angeweza kuumimina kwenye kitambaa safi, akautundika maji yake yachuruzike saa mbili tatu, ukawa mzito kuliko wa siku zote. Haya aliyawaza baadaye, tena na tena. Saa ile aliwaza kwamba mumewe hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri, kwamba viazi amevitema vyote, na kwamba saa ya dawa ya presha imepita.

Alimweka wima, akamwekea mto mgongoni. Alichota, na kijiko kikapita mbele ya macho ya mtu aliyewahi kumwaga ndoo nzima ya mtindi kwenye mtaro, lita ishirini, kwa sababu ulilegea. Wateja walimwomba awauzie kwa nusu bei akakataa. Sasa alikitazama kile kijiko. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mkewe, macho mekundu, nywele hazijasukwa, kanga imefungwa vibaya.

"Leo umelegea kidogo, mume wangu," Bi Kijiko alisema. "Vijiko vitano tu, umeze dawa. Kesho nitakutengenezea wa kwako."

Kijiko hakugonga kiti. Aliinamisha kidevu, kama alivyofundishwa, akafungua mdomo.

Kijiko cha kwanza kilipita. Cha pili kilipita. Cha tatu alikohoa, akakohoa tena, uso ukamwiva, machozi yakamtoka, na mkewe akamgonga mgongoni akimwita kwa majina yote aliyowahi kumwita. Alipotulia na kutoa "mm" yake, sauti ilikuwa na maji ndani. Bi Kijiko aliacha hapo hapo, kama alivyoambiwa. Bakuli akalimwaga. Jioni sauti ilikuwa safi, na moyo wake ukarudi mahali pake.

Siku mbili baadaye homa ilipanda. Hospitali walisema ni mapafu, upande wa kulia, chini. Muuguzi yule yule alimshika mkono, hakuuliza kitu. Siku ya sita Kijiko alifariki, asubuhi, mkewe akiwa amekwenda kumjazia karatasi za dawa. Aliporudi shuka lilikuwa limeshavutwa.

Msibani watu walikuja wengi kuliko viti. Wateja wa miaka kumi na tisa walikuja na kila mmoja alikuwa na hadithi ya kijiko chake, na walicheka wakilia. Na wote, mmoja baada ya mwingine, walimshika Bi Kijiko mabega wakamwambia maneno yale yale: umemlea, umemlisha kwa mkono wako, hakuna mke angefanya zaidi. Alisema asante. Alitamani mmoja tu amuulize alimlisha nini siku ile, amwambie. Hakuna aliyeuliza. Nani anauliza mfiwa habari za mtindi?

Siku ya nne baada ya mazishi alichukua kopo jipya na kikombe cha bati, akavifunga kwenye kitambaa, akaenda dukani. Hakumwambia mtu.

"Nipimie," alisema.

Mwenye duka alianza kutoa pole, akaona uso wake, akaiacha. Bi Kijiko alijaza kikombe pale pale kwenye kaunta, akakigonga mara mbili, akasawazisha. Mizani ilisimama kwenye mia na kumi na mbili.

"Rudia."

Walirudia mara tatu. Mia na kumi na mbili, mia na kumi na tatu, mia na kumi na mbili.

"Ule wa zamani umeshakuja?"

Umekuja, alisema mwenye duka, juzi. Akafungua kopo bila kudai chochote. Kikombe kile kile, kugonga kule kule, kisu kile kile: mia na hamsini.

"Huu mpya ni mwepesi, shemeji," alisema polepole, akiushikashika kwa vidole. "Ndio maana unayeyuka haraka. Punje zake zimejaa hewa. Ukipima kwa uzito ni sawa na mwingine. Ukipima kwa kikombe..." Hapo akaelewa anachokisema, na kwa nini anaulizwa. Yeye ndiye aliyemwambia chukua huu.

"Si kosa lako," alisema Bi Kijiko. Alikuwa akipiga hesabu. Kikombe mia na kumi na mbili, na vile vijiko vinne navyo vyepesi, gramu ishirini na mbili hivi. Mia na thelathini na nne. Alikuwa amempa mumewe maziwa ya kunywa yaliyogandishwa. Alifunga kikombe chake, akatoka, na jua la nje lilimchoma macho kama vile hakuna kilichotokea.

Nyumbani alimkuta mama mkwe ameketi. Hilo peke yake lilimtisha, maana bibi huyu hakuwa mtu wa kuketi. Alikuwa ukingoni mwa kitanda cha mwanawe, ufagio umelala sakafuni.

"Funga mlango," alisema. "Nina neno, na nikilikalisha tena leo litanipasua."

Bi Kijiko alifunga.

"Hawa watu wanakusifu wewe, na ni haki yako. Mimi kila wakikusifu natafuta pa kujificha. Nilimpa chai." Alisema haraka, kama mtu anayetapika. "Ulipokwenda kununua unga, ile siku moja kabla ya kukohoa kwake. Vijiko vitatu vinne. Aliniangalia vile, mkwe wangu, midomo imepasuka, nikasema mtoto wangu hafi kiu mbele yangu. Alikohoa kidogo, nikamfuta. Kesho yake nikampa tena ulipokuwa unaoga. Nikadhani wauguzi wanazidisha. Mimi ndiye niliyemuua mwanangu, na wewe nimekuacha unalia bila kujua."

Akafunika uso kwa upande wa kanga, na mabega yale madogo yakaanza kutikisika.

Sitamfanya Bi Kijiko malaika. Kitu kililegea kifuani mwake, na kilikuwa kitamu. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na mtu mwingine amesimama hapo tayari kubeba. Ilitosha anyamaze. Ilitosha aseme, "Mungu atakusamehe, mama," na mtaa uendelee kumshika mabega, na ile mia na kumi na mbili ibaki kati yake na mwenye duka, ambaye naye asingesema. Alisimama na kikombe ndani ya kitambaa, akavuta pumzi, na kwa muda wa pumzi hiyo alikubali.

Halafu bibi akasema chini ya kanga, "Nipeleke nyumbani kwangu kesho. Sitaki kukusumbua kwa macho yangu."

Bi Kijiko aliketi kando yake kitandani. Alieleza yote, toka unga wenye punje kubwa mpaka mizani ya dukani. Alieleza jinsi mtindi ulivyoteleza na jinsi alivyouona ukiteleza. Hilo alilisema mara mbili, kwamba aliuona. "Naye aliuona, mama. Yeye wa kumwaga ndoo nzima. Aliniangalia, akaona nimechoka, akafungua mdomo."

Mama mkwe aliteremsha kanga. Macho yalikuwa yamevimba. Kwa muda alimtazama mkwewe kama anamwona kwa mara ya kwanza, na Bi Kijiko alisubiri laana, akaona ni bora ije.

"Sasa ni kipi?" aliuliza bibi. "Chai yangu au mtindi wako?"

"Sijui, mama."

"Daktari anajua?"

"Hakuna anayejua. Hatutajua mpaka tunakufa."

Nje mteja mmoja asiyekuwa na habari aligonga dirisha la mbele, akaita jina la Kijiko, akaagiza vikombe viwili. Aligonga mara ya pili. Walisikia nyayo zake zikienda.

"Basi tugawane," alisema mama mkwe. "Nusu yako, nusu yangu. Yote peke yangu siiwezi, na wewe peke yako hutaiweza, bado u kijana. Lakini usiniambie tena niende kwangu."

"Ni wewe uliyesema, mama."

"Basi nimebadili."

Bi Kijiko alilaza kichwa kwenye paja la yule bibi, naye bibi akaanza kuzifumua nywele zake zilizokuwa hazijasukwa kwa wiki nyingi, fundo moja baada ya jingine, na wote wawili walilia kwa sauti bila kujali nani anasikia.